Modeli ya jengo na mita ya LUKU: namna ya kuzioanisha kabla ya kutangaza uniti ulizookoa

Maswali yanayonijia kuhusu kuoanisha modeli, yaani jengo lililoigizwa kwenye kompyuta, na mita yake ni yaleyale matatu. Modeli yangu imetofautiana na mita kwa asilimia 20, nirekebishe wapi? Nimeshafikisha viwango vya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa mifumo ya joto na ubaridi, je, naweza kuandika ripoti? Mteja analinganisha bili ya mwaka jana na ya mwaka huu na kuniambia sijaokoa kitu, nimjibu nini? Nayajibu yote hapa kwa kutumia jengo moja: nyumba ya wageni ya vyumba 24 jijini Mbeya, ambayo kila chumba kina hita ya maji ya umeme ya lita 50 juu ya mlango wa bafu. Haina kiyoyozi hata kimoja. Mwenye nyumba alitaka kuvalisha matangi yote makoti ya kuzuia joto na kuyafunga taima, na mkopeshaji wake alitaka kuona kwa hesabu kwamba uniti zitapungua kweli.

Uniti moja ni kilowati-saa moja, na ndivyo nitakavyoiita hadi mwisho. Mgeni mmoja akilala usiku mmoja nitahesabu "lazi" moja. Mwaka wa msingi ni miezi 12 kabla ya maboresho, na mwaka wa ripoti ni miezi 12 baada yake.

## Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Usomaji wa mita wa miezi 12 mfululizo. Miezi 9 haitoshi, kwa sababu huku Nyanda za Juu Kusini ukikosa Juni na Julai umekosa nusu ya habari.
- Daftari la wageni la miezi hiyohiyo.
- Kumbukumbu za jenereta: saa ilizofanya kazi au lita za dizeli zilizonunuliwa.
- Halijoto halisi ya hewa ya mwaka huohuo, ya mahali hapohapo.
- Kipimajoto cha maji, mita ndogo za umeme mbili au tatu za kufunga kwenye sakiti moja moja, ndoo ya lita 20 na saa.
- Programu ya kuigiza jengo. Mimi natumia EnergyPlus kwa sababu ni ya bure na inamruhusu mkaguzi afungue faili na kuona nilichoandika.
- Siku tatu za kukaa kwenye jengo lenyewe. Hiki ndicho watu huruka, na ndicho kilichoniokoa.

## Hatua

1. Geuza manunuzi ya LUKU yawe matumizi.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kuchukua ujumbe wa tokeni kwenye simu, kuujumlisha kwa mwezi na kuuita matumizi. Tokeni inaonyesha siku mwenye nyumba alipokuwa na hela, haionyeshi siku maji yalipochemshwa. Nilishaona Desemba yenye uniti 4,000 na Januari yenye 900 kwa sababu tu mzee alinunua umeme mwingi kabla ya kusafiri kwenda kijijini.

Kama mita ina kaunta ya jumla inayoonekana, isome tarehe 1 ya kila mwezi saa ileile. Kama una salio tu, tumia hesabu hii:

```
matumizi = salio la mwanzo + uniti zilizonunuliwa - salio la mwisho
```

Januari ya nyumba yetu ilianza na salio la 412, zikanunuliwa 2,400, zikabaki 552. Matumizi ni 2,260. Halafu ongeza umeme wa jenereta, maana wageni walioga kwa huo pia. Jenereta ndogo ya dizeli ikiwa na mzigo wa kutosha hutoa takriban uniti 3 kwa lita. Ikiunguruma usiku kucha kwa ajili ya taa tano na televisheni hutoa pungufu kwa kila lita, basi pima, usikariri.

2. Tafuta hali ya hewa ya jengo lako. Ya uwanja wa ndege siyo.

Faili la hali ya hewa la Mbeya utakalopakua mara nyingi linatoka Songwe. Uwanja wa Songwe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,340, na jiji liko karibu mita 1,700. Hewa hupoa kwa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo faili hilo lina joto la ziada la nyuzi 2 na kitu. Kwa jengo la Dar es Salaam lenye viyoyozi ungelalamikiwa mara moja, lakini hapa kosa linajificha, kwa sababu linapita kwenye maji badala ya hewa.

Tena hakikisha faili ni la mwaka wenyewe. Mafaili mengi ya bure ni ya "mwaka wa kawaida", yaani Januari ya mwaka mmoja imeshonwa na Februari ya mwaka mwingine. Yanafaa kubuni jengo jipya, ila huwezi kuyalinganisha na mita iliyosomwa mwaka fulani. Omba takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au funga kipimajoto chako chenye kumbukumbu kivulini na ukitumie kurekebisha faili la Songwe.

3. Jenga modeli ya kwanza haraka, na uihifadhi bila kuigusa.

Usimalize wiki ukichora madirisha. Jengo lisilo na kiyoyozi wala hita za kudumu za vyumba halilipii kuta zake kwenye mita. Nilichora vyumba kama masanduku, nikaweka taa, friji, jiko, pasi na televisheni, kisha muda wangu wote nikaupeleka kwenye hita 24.

Kila kitu nisichokijua nilikikadiria: wageni 17 kila siku mwaka mzima (malazi 6,200 ukigawa kwa siku 365), kila mmoja akitumia lita 30 za maji ya nyuzi 40, maji yakiingia yakiwa nyuzi 22 kwa makisio ya faili la Songwe, na hita zote 24 zikiwaka usiku na mchana. Kila tangi nililiwekea uvujaji wa joto wa uniti 1.2 kwa siku.

Tahadhari moja hapa. Usipoiandikia EnergyPlus halijoto ya maji yanayoingia, haikuulizi wala haikulalamikii. Inachukua nyuzi 10 kimyakimya, na nyuzi 10 ni baridi mno hata kwa Njombe mwezi wa saba.

4. Pima umbali kati ya modeli na mita.

Vipimo ni viwili. NMBE inaonyesha kama kwa jumla umezidisha au umepunguza. CV(RMSE) inaonyesha umekosea kiasi gani mwezi kwa mwezi, bila kuruhusu kosa la Februari lifutwe na kosa la Julai. Mita ikiwa safu B na modeli safu C kwenye Excel:

```
NMBE:     =SUMPRODUCT(B2:B13-C2:C13)/(11*AVERAGE(B2:B13))
CV(RMSE): =SQRT(SUMXMY2(B2:B13,C2:C13)/11)/AVERAGE(B2:B13)
```

Hiyo 11 ni miezi 12 ukitoa moja. Mwongozo wa 14 wa ASHRAE unataka, kwa takwimu za kila mwezi, NMBE isivuke asilimia 5 juu au chini, na CV(RMSE) isivuke 15. Haya ndiyo yaliyotoka, pamoja na modeli ya mwisho tutakayoifikia:

| Mwezi | Mita | Modeli ya kwanza | Modeli ya mwisho |
|---|---|---|---|
| Januari | 2,260 | 2,505 | 2,170 |
| Februari | 2,050 | 2,262 | 2,150 |
| Machi | 2,350 | 2,505 | 2,270 |
| Aprili | 2,230 | 2,424 | 2,330 |
| Mei | 2,470 | 2,505 | 2,380 |
| Juni | 2,940 | 2,424 | 2,830 |
| Julai | 2,960 | 2,505 | 3,050 |
| Agosti | 3,050 | 2,505 | 2,920 |
| Septemba | 2,480 | 2,424 | 2,560 |
| Oktoba | 2,400 | 2,505 | 2,490 |
| Novemba | 2,370 | 2,424 | 2,310 |
| Desemba | 2,560 | 2,505 | 2,560 |
| Jumla | 30,120 | 29,493 | 30,020 |

Modeli ya kwanza ina NMBE ya asilimia 2.3 na CV(RMSE) ya 11.8. Imefaulu vyote viwili! Sijapima chochote, nimekisia tu nikiwa nimekaa kitini, na mwongozo unanipa ruhusa. Hapa ndipo wengi hufunga kompyuta na kuandika ripoti.

5. Soma umbo la makosa kabla ya kugusa namba yoyote.

Toa modeli kwenye mita mwezi kwa mwezi. Januari hadi Aprili modeli imezidi kwa uniti 155 hadi 245. Juni hadi Agosti imepungua kwa 455 hadi 545. Makosa ya kubahatisha hayajipangi hivyo. Ukiona miezi ya joto yote iko upande mmoja na miezi ya baridi upande wa pili, kuna kitu kinachofuata majira ambacho modeli haikijui, na kuna kitu kingine kisichobadilika ambacho umekizidisha mpaka kikafidia.

Kwangu vilikuwa ni maji yanayoingia na hita zinazowaka. Vyote viwili nilivikosea, kila kimoja kikamfichia mwenzake.

6. Nenda ukapime vitu vitatu tu.

Usiende na orodha ya vigezo thelathini. Chagua vile ambavyo ukivibadilisha kidogo jumla inabadilika sana, na ambavyo maboresho yenyewe yatavigusa.

*Uvujaji wa tangi.* Nilifunga mita ndogo kwenye hita ya chumba namba 7, chumba kikafungwa siku mbili bila mgeni, hita ikiwaka. Mita ilihesabu uniti 2.4 kwa saa 48, yaani 1.2 kwa siku. Kisio langu la mwanzo lilikuwa sahihi, kwa bahati. Kwa EnergyPlus hiyo ni wastani wa wati 50. Tangi likiwa nyuzi 60 na chumba nyuzi 20, unagawa 50 kwa 40 na kuandika 1.25 kwenye `Off-Cycle Loss Coefficient to Ambient Temperature` ya `WaterHeater:Mixed`, na namba hiyohiyo kwenye mstari wa `On-Cycle`.

*Hita ngapi zinawaka.* Mhudumu wa usafi aliniambia, "Huwa tunazima tukimaliza kufagia." Mwenye nyumba aliapa kwamba hazizimwi hata siku moja. Nikafanya jambo la kijinga lakini la uhakika: siku 14, saa 4 asubuhi na saa 5 usiku, nilipita korido (siku ambazo sikuwepo alipita mlinzi) kuhesabu swichi zenye taa nyekundu. Wastani ukawa 15 kati ya 24. Wote wawili walikuwa wakweli nusu. Vyumba vyenye wageni viliwaka muda wote, na vingine vilisahaulika hapa na pale, hivyo idadi ilipanda na kushuka pamoja na wageni. Uvujaji wa mwaka ukashuka kutoka uniti 10,512 za modeli ya kwanza hadi karibu 6,600.

*Maji ya kuoga.* Hapa kuna mtego wa tangi la plastiki juu ya mnara. Maji ya bomba yanayoshuka milimani hayaingii kwenye hita moja kwa moja. Yanalala kwanza kwenye tangi, yanapigwa na jua mchana, yanapoa usiku. Kwa hiyo pima kwenye bomba linalotoka kwenye tangi hilo, saa ambazo wageni wanaoga, baada ya kuacha maji yatiririke dakika moja. Nilipata nyuzi 18 mwezi Septemba. Mlinzi akaendelea kunipimia kila Jumatatu alfajiri na kunitumia picha ya kipimajoto. Miezi iliyobaki ikatulia kati ya nyuzi 15 mwezi Juni na Julai, na nyuzi 20 kuanzia Novemba hadi Machi. Ratiba hiyo unaiandika hivi:

```
Site:WaterMainsTemperature,
  Schedule,
  Maji_Tangini;
```

Kiasi cha maji nilikipata bila mita ya maji. Mita ndogo kwenye vyumba vitatu vyenye mgeni mmoja mmoja zilionyesha wastani wa uniti 2.5 kwa siku. Toa 1.2 za uvujaji, zinabaki 1.3 za kuoga. Kupasha lita moja kwa nyuzi moja kunahitaji uniti 0.001163, na kutoka 18 hadi 40 ni nyuzi 22, kwa hiyo 1.3 ni kama lita 51. Nikaandika 50. Ndoo ikathibitisha: shawa ilitoa lita 7 kwa dakika, na mtu kuoga dakika saba asubuhi ya baridi Mbeya si ajabu.

7. Badilisha kimoja kimoja, na kila badiliko liwe na ushahidi wake.

Fungua daftari lenye safu nne: tarehe, kilichobadilishwa, kutoka ngapi hadi ngapi, ushahidi ni upi. Badiliko lisilo na ushahidi halipiti, hata kama linaipendezesha CV(RMSE). Mkaguzi ataomba daftari hili kabla hajaomba grafu.

Niliingiza kwanza malazi halisi ya kila mwezi. Agosti peke yake ina 660, kwa sababu ya maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, wakati Februari ina 420. Kisha maji, kisha swichi. Miezi ya joto ikakaa sawa. Juni, Julai na Agosti zikabaki pungufu, Juni peke yake kwa uniti 270.

Kishawishi kilikuwa kupandisha lita kutoka 50 hadi 58 kwa miezi hiyo na kulala. Badala yake nilirudi mapokezini nikamuuliza dada wa pale kama kuna kitu kinachotumika kipindi cha baridi tu.

"Zile hita za chumba?" akasema. "Tunazo nne, tunawaazima wageni wakilalamika."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Kaka, uliuliza hita za maji."

Alikuwa na daftari. Juni ziliazimwa mara 53. Kila moja ni ya kilowati 1.5 na huwashwa kama saa mbili kabla ya kulala, na 53 mara 2 mara 1.5 ni uniti 159. Julai ikapata 190 na Agosti 90. Modeli ya mwisho ikatoka na NMBE ya asilimia 0.4 na CV(RMSE) ya 3.8, na makosa yaliyobaki yanaruka juu na chini bila kufuata majira.

8. Kokotoa uniti zilizookolewa kwa hali ya mwaka wa ripoti.

Makoti na taima vilifungwa, miezi 12 ikapita, mita ikasoma 27,950. Mwenye nyumba akatoa kwenye 30,120 akapata 2,170, akanuna. Lakini mwaka huo wageni waliongezeka, malazi yakafika 6,900.

Chukua modeli iliyosawazishwa ya jengo la zamani, bila makoti wala taima. Ipe wageni, halijoto ya maji, hali ya hewa na daftari la hita za chumba vya mwaka wa ripoti, uiendeshe. Jibu ni umeme ambao jengo lingetumia kama lisingeboreshwa. Kwetu lilikuwa 31,400.

```
uniti zilizookolewa = 31,400 - 27,950 = 3,450
```

Ni asilimia 11. Njia hii ndiyo IPMVP, itifaki ya kimataifa ya kupima na kuthibitisha akiba ya nishati, inayoiita Njia D. Kuna hakikisho la pembeni pia: makoti na taima vilitegemewa kupunguza uvujaji kwa nusu, na uvujaji wa mwaka wa ripoti bila maboresho ungekuwa karibu 6,770, nusu yake 3,385. Namba mbili zilizotoka njia tofauti zimekaribiana.

Sasa rudi kwenye modeli ya kwanza, ile iliyofaulu. Uvujaji wake ulikuwa 10,512, nusu yake ni 5,256. Ningemwahidi mkopeshaji zaidi ya uniti 5,000 kwa mwaka, na viwango vya ASHRAE ningekuwa nimevifikisha.

9. Andika kiasi cha shaka pamoja na namba.

Mwongozo wa 14 una fomula ya kukadiria shaka, iliyotengenezwa kwa modeli za rigresheni. Kwa modeli ya kuigiza naitumia kama makadirio na nasema hivyo kwenye ripoti. Kwa miezi 12 ya msingi na 12 ya ripoti:

```
shaka = 1.8 * 1.26 * (CV / F) * sqrt((1 + 2/12) / 12)
```

CV ni 3.8, F ni asilimia iliyookolewa, 11, na 1.8 ni thamani ya t kwa uhakika wa asilimia 90. Jibu ni 0.24, yaani uniti 3,450, zaidi au pungufu kwa 840. Weka CV ya modeli ya kwanza, 11.8, na shaka inaruka hadi asilimia 76. Kufaulu mtihani wa 15 hakukuhakikishii kwamba modeli inaweza kuona akiba ya asilimia 11. Kama maboresho yako yataokoa asilimia 4, mfano kubadilisha taa za korido peke yake, usitumie mita ya jengo zima kabisa. Funga mita ndogo kwenye sakiti ya taa.

## Mambo yakikwama

NMBE nzuri, CV(RMSE) mbaya. Angalia kwanza tarehe. Mita iliyosomwa tarehe 12 ikilinganishwa na modeli inayoanza tarehe 1 huleta hitilafu hiyo hata kama kila kigezo ni sahihi. Tarehe zikiwa sawa, tafuta kinachofuata majira: maji, likizo za shule, mahafali, msimu wa mavuno kama wageni ni wafanyabiashara wa mazao.

Mwezi mmoja umeanguka vibaya, mingine sawa. Ni tukio, usiguse vigezo. Uliza kuhusu kukatika kwa umeme, pampu iliyoungua, harusi, fundi wa kuchomelea aliyechomeka mashine yake siku tano. Likiwa na ushahidi, liingize kwenye modeli mwezi huo tu.

Modeli imezidi kila mwezi kwa kiasi kinacholingana. Mara nyingi ni saa za matumizi ya vitu vya kudumu, kama friji na taa za nje. Washa mita ndogo usiku saa 8 wakati wote wamelala na usome mzigo wa chini kabisa, kisha ulinganishe na mzigo wa modeli saa hiyohiyo.

Umekatika umeme sana na hakuna jenereta. Mita itaonyesha akiba ambayo ni wageni waliooga maji baridi. Andika saa za kukatika kwa kila mwezi na uzizime hita kwenye modeli kwa saa hizo, kwenye mwaka wa msingi na kwenye mwaka wa ripoti.

CV(RMSE) imefika asilimia 1. Shtuka. Mita ya jengo lenye watu haifuatiki kiasi hicho. Hesabu vigezo ulivyobadilisha, na ukikuta vimezidi vipimo ulivyopima, rudi kwenye daftari ufute visivyo na ushahidi.

Mwenye nyumba ameongeza kitu katikati ya mwaka wa ripoti. Kwetu ilikuwa mashine ya kufulia, Oktoba, wala hakutaja mpaka nilipoiona nyuma ya jiko. Niliifungia mita ndogo wiki tatu, nikapata uniti 2 kwa siku, nikaiongeza kwenye modeli ya jengo la zamani kuanzia tarehe ya risiti. Ile 31,400 ya hapo juu tayari inayo. Bila hiyo, kufua mashuka kungekula kama uniti 180 za akiba ya makoti.